Mashine Imechoka

Fundi wa kiwandani akikuambia "mashine imechoka", amekupa ripoti nzima kwa maneno mawili. Karakana zetu zinaizungumzia mashine kama mwili. Inakula umeme, inakohoa, inasumbua, inavuja, imegoma, imekufa. Ukimkuta fundi mzoefu amesimama kando ya kompresa akaeleza hali yake kwa maneno haya, usidhani anapamba. Kila kitenzi kina jambo lake mahususi, na mwenzake anamwelewa bila kuuliza. Kusumbua ni kusimama mara kwa mara kwa muda mfupi. Kugoma ni kukataa kuwaka. Kula ni kutumia kupita kiasi kwa kazi ileile. Kuchoka ni jumla ya hayo yote, pamoja na umri.

Panda ngazi uende ofisi ya mhasibu, uiulizie kompresa hiyohiyo. Atafungua rejista ya mali na kukuambia imechakaa, au kwa lugha ya kitabuni, uchakavu wake umekamilika na thamani yake kitabuni ni sifuri. Kuchoka na kuchakaa vinakaribiana sana kwa mtu wa kawaida, lakini hapa ni maneno ya watu wawili wanaotazama vitu viwili. Uchakavu wa mhasibu ni utaratibu wa kugawa bei ya ununuzi katika miaka ambayo mashine ilitarajiwa kutumika. Hausemi kitu kuhusu beringi wala oili. Kuna kompresa yenye thamani ya sifuri kitabuni inayofanya kazi vizuri kabisa, na ipo nyingine iliyonunuliwa majuzi ambayo kila wiki inafunguliwa.

Andiko la kuishawishi menejimenti inunue mtambo mpya hukaa katikati ya watu hawa wawili. Nimesoma maandiko mengi ya aina hii, na yale yaliyokataliwa hufanana: yamejaa lugha ya karakana, au yamejaa lugha ya uhasibu isiyo na kipimo cha karakana nyuma yake. La kwanza linasema mashine imechoka na linaomba fedha. La pili linasema uchakavu umekamilika na linaomba fedha. Hakuna hata moja lililojibu swali la mwenye fedha: tukitoa milioni hizi, nini kitabadilika katika pesa inayoingia na kutoka?

Anza na kichwa cha andiko. Barua zetu za ofisini zina mtindo unaojulikana: "YAH: OMBI LA KUNUNULIWA KOMPRESA MPYA", kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Neno "ombi" limeshaweka uhusiano. Anayeomba anasubiri huruma au nafasi, na jibu la ombi huweza kuwa "subirini bajeti ijayo" bila mtu kujisikia amepoteza chochote. Ndiyo maana napenda zaidi "pendekezo", na zaidi ya hapo napenda neno ambalo wafanyabiashara wadogo wanalitumia kila siku wakienda benki: mchanganuo. Changanya ni kuweka pamoja vitu vya aina mbalimbali. Changanua ni kuvitenganisha tena, kama funga inavyofunguliwa na kunja inavyokunjuliwa. Kazi ngumu ya andiko la mtambo iko humo ndani ya kitenzi hicho, kwa sababu kiwandani hasara za kila namna zimechanganyika, na mtambo mchakavu hubebeshwa lawama zote.

Nichukue kiwanda cha vifungashio vya plastiki chenye kompresa moja ya skrubu ya kilowati 75, inayofanya kazi saa 6,000 kwa mwaka, yaani saa 20 kwa siku, siku 300. Bei na tarakimu za kiwanda hiki nimezichagua ziwe rahisi kufuatilia. Umeme nauweka shilingi 200 kwa uniti. Vipimo vyenyewe ndivyo vinavyochukuliwa kila mahali penye hewa ya mgandamizo.

Jambo la kwanza kuchanganua ni bei na gharama. Katika mazungumzo ya kawaida tunayabadilishana maneno haya bila madhara. "Bei" limetokana na Kiarabu, ambako mzizi wake ni wa kuuza, na ndiyo iliyoandikwa kwenye ankara kifani ya muuzaji. "Gharama" nalo ni la Kiarabu, na huko kwao lina maana ya faini, kitu unachotozwa. Kwa kompresa tofauti hii si ya kamusi tu. Bei unailipa mara moja, gharama unatozwa kila saa mashine inapozunguka. Kompresa yetu ikinyanyua mzigo, yaani ikisukuma hewa kwenye tangi, inavuta kilowati 82. Tangi likijaa haizimi, bali inaendelea kuzunguka bure ikisubiri presha ishuke, na katika hali hiyo bado inavuta kilowati 28. Kiwandani kwetu inabeba mzigo asilimia 60 ya muda, na asilimia 40 inazunguka bure. Wastani wake ni kilowati 60 na ushee. Zidisha kwa saa 6,000 na kwa shilingi 200, utapata shilingi milioni 72 na nusu kwa mwaka. Mashine mpya ya ukubwa huo tutaiwekea bei ya milioni 75. Maana yake kila mwaka kiwanda kinalipia umeme kiasi kinachokaribia bei ya kompresa nzima, na mjumbe wa kikao anayebishania punguzo la milioni tatu kwenye bei ya muuzaji anapaswa kuiona tarakimu hiyo kwanza.

Fundi alikuwa amelisema hilo zamani: inakula. Kilichokosekana ni kuonyesha inakula kiasi gani, na inakula wakati gani. Namba hizo hazitafutwi mbali. Kwenye kiwambo cha kompresa nyingi za skrubu kuna mita mbili za saa, moja ya saa za kuzunguka na nyingine ya saa za kubeba mzigo. Ziandike Jumatatu asubuhi, ziandike tena Jumatatu inayofuata, utajua asilimia zako. Kilowati zipimwe kwa kifaa kinachopima nguvu yenyewe. Wengi hufunga klampu, wakasoma ampia na kukokotoa. Mashine ikiwa imebeba mzigo, njia hiyo inakupa jibu la kuridhisha. Ikiwa inazunguka bure inakudanganya, kwa kuwa mota yenye mzigo mdogo huendelea kuvuta mkondo mkubwa ambao sehemu yake haifanyi kazi, na usomaji wa ampia peke yake hauioni tofauti hiyo. Andiko lililokokotolewa hivyo hukuza hasara ya mashine ya zamani, na meneja wa umeme akiwamo kikaoni atalibomoa kwa swali moja.

Sasa neno la pili la fundi: inavuja. Hapa ndipo uchanganuzi unapouma. Kompresa haivuji, kwa kawaida kinachovuja ni mabomba, mipira, viungio na vali zilizosambaa kiwanda kizima. Hata hivyo mzigo wote unarudi kwake. Kipimo chake ni rahisi, na kinahitaji siku ambayo kiwanda kimesimama. Acha kompresa ikiwa imewashwa na mabomba yote yakiwa wazi, pasiwe na mashine yoyote inayotumia hewa. Kwa kuwa hakuna mtumiaji, kila hewa inayosukumwa inakwenda kwenye matundu. Pima kwa saa ya mkononi: inabeba mzigo kwa muda gani kabla ya tangi kujaa, na inazunguka bure kwa muda gani kabla ya presha kushuka tena. Rudia mara kadhaa, uchukue wastani. Kiwandani kwetu ni dakika moja ya kubeba na dakika nne za kuzunguka bure. Moja juu ya tano ni asilimia 20. Sehemu ya tano ya uwezo wa kompresa inalisha matundu.

Tundu la milimita tatu, lenye ukubwa kama wa kichwa cha kiberiti, kwa presha ya baa 7 linaweza kula kilowati tatu hadi nne za umeme wa kompresa. Kwa saa zetu 6,000 ni zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu kwa mwaka kwa tundu moja. Wakati wa kelele za uzalishaji halisikiki. Siku ya kimya unalisikia likifoka, ukipaka maji ya sabuni linatoa povu. Kazi ya kuyaziba, kwa vifaa na muda wa mafundi, tuiweke milioni tatu. Baada ya hapo uvujaji unashuka hadi asilimia 8. Haushuki hadi sifuri, na andiko linaloahidi sifuri haliaminiki. Mzigo wa kompresa unashuka kutoka asilimia 60 hadi 48, na bili ya umeme kutoka milioni 72 na nusu hadi karibu 65.

Yaani kabla hatujanunua chochote, tumeshapunguza karibu milioni nane kwa mwaka. Na milioni hizo si za mashine mpya! Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko jingine lolote katika maandiko ya mitambo. Mwandishi anapima hali ya zamani pamoja na matundu yake, anaweka kando ya mashine mpya iliyofungwa kwenye mabomba yaliyozibwa, kisha tofauti yote anaiita faida ya mashine. Faida ya sabuni na viungio inabatizwa jina la mtambo. Mahali halali pa kuanzia kulinganisha ni kompresa ya zamani baada ya matundu kuzibwa, kwa sababu kuziba matundu kiwanda kinaweza kukifanya hata kama menejimenti itakataa kununua. Na wako mameneja watakaokataa kwa hoja nzuri, wakishaona milioni tatu za kuziba zimerudi ndani ya miezi mitano.

Kwa hiyo linganisha na 65. Mashine inayopendekezwa ina inveta, yaani inapunguza kasi ya mota kadiri hewa inavyohitajika badala ya kuzunguka bure. Kwa mahitaji yetu ya asilimia 48 inavuta wastani wa kilowati 44, na bili inakuwa karibu milioni 53. Tofauti ni milioni 12 kwa mwaka. Tungeichanganya na ule mvujo tungeandika 20. Ile 12 ni ndogo zaidi, lakini itaonekana kwenye bili. Niongeze hapa mpaka wa inveta, kwa sababu wauzaji hawausemi: kama kompresa yako inabeba mzigo kamili saa zote, inveta haikupunguzii kitu, inakuongezea hasara kidogo, kwa kuwa nayo ina joto lake inalopoteza. Asilimia za kubeba mzigo ulizoziandika Jumatatu ile ndizo zinazoamua.

Neno la tatu la fundi ni inasumbua, imegoma. Hili ndilo linalowachoma watu wa uzalishaji, na ndilo linaloandikwa vibaya zaidi. Kwa mwaka uliopita kompresa yetu ilisimamisha kiwanda saa 60. Kiwanda kinauza bidhaa za shilingi 1,200,000 kwa saa. Mwandishi anazidisha, anapata milioni 72, anaandika kwa herufi nzito: hasara. Mhasibu anaposoma hapo anaweka kalamu chini, na kurasa zilizobaki anazisoma kwa shaka.

Hasara ni kupungukiwa kile ambacho ungebaki nacho. Mauzo ya 1,200,000 hayabaki. Ndani yake mna malighafi, umeme wa mashine za uzalishaji na vifungashio, tuseme 900,000, ambavyo kiwanda kikisimama havitumiki, vinabaki stoo. Kinachokosekana kwa saa iliyosimama ni 300,000. Lakini bado hatujamaliza kuchanganua, kwa maana saa zote 60 hazikupotea. Muulize msimamizi wa zamu. Atakuambia saa 40 zilifidiwa kwa kufanya kazi Jumapili, oda zikatoka, mteja hakujua. Hasara ya saa hizo ni malipo ya ziada tu, shilingi 80,000 kwa saa, jumla milioni 3.2. Saa 20 ndizo ambazo oda zilikwenda kwa mwingine, na hasara yake ni milioni 6. Jumla ni milioni 9.2, na kwa kuwa mashine mpya nayo itasimama siku moja moja, tudai milioni 8. Kutoka 72 hadi 8. Anayeandika anaona ameiua hoja yake. Ukweli ni kwamba sasa ana tarakimu ambayo msimamizi wa zamu, mtu wa mauzo na mhasibu watasimama nayo wote watatu, na kwenye kikao hilo lina uzito.

Huyo msimamizi wa zamu ana daftari. Karibu kila kiwanda kina daftari la zamu, lenye kurasa zilizoshika grisi, ambamo imeandikwa "kompresa imezima saa 8:40, imewaka 10:15, joto". Ni hati bora kuliko jedwali lolote lililotengenezwa baadaye. Piga picha kurasa zake, uziambatishe.

Matengenezo hayana ugumu mkubwa. Vipuri na mafundi wa nje vinakula milioni 16 kwa mwaka kwa mashine ya zamani, na huduma za kawaida za mashine mpya ni milioni 7. Tofauti ni 9. Jihadhari na mstari mmoja tu, ule unaosema "muda wa fundi utaokolewa". Kuokoa ni kitenzi kizuri, na kwa sababu hiyo kinatumika ovyo. Fundi aliyekuwa anatumia siku mbili kwa wiki kwenye kompresa akibaki kwenye orodha ya mishahara, hakuna shilingi iliyookolewa. Kuna muda uliopatikana, ambao una thamani yake kama utasema utatumikaje, kwa mfano kwenye ukaguzi wa matundu kila mwezi. Uandike kwa maneno, usiutie kwenye jumla.

Jumla sasa: umeme 12, kusimama 8, matengenezo 9. Milioni 29 kwa mwaka. Upande wa pili, bei ya mashine milioni 75, na milioni 12 za usafiri, msingi wa zege, nyaya, mabomba na kuiwasha. Milioni 87. Kama kampuni imesajiliwa VAT, usiingize ile asilimia 18 kwenye gharama, kwa sababu itadaiwa kwenye ritani. Kodi ya mapato na viwango vya uchakavu vya TRA mwachie mhasibu ajaze, na mwambie umemwachia.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaposikia habari ya kununua kitu anauliza: mtaji unarudi lini? Vitabu vinauita muda wa kurejesha mtaji, na jibu letu ni 87 kwa 29, miaka mitatu kamili. Ni swali zuri na lisikosekane kwenye ukurasa wa kwanza. Kasoro yake ni kwamba linaichukulia shilingi ya mwaka wa tatu kuwa sawa na ya leo, na kila aliyewahi kukopa anajua si sawa. Kampuni yetu ikikopa kwa riba ya asilimia 16, milioni 29 zitakazoingia mwaka mmoja kutoka sasa ni sawa na milioni 25 leo, kwani 25 ukiziongezea asilimia 16 zinakuwa 29. Za mwaka wa pili ni sawa na 21 na nusu, za tatu 18 na nusu, za nne 16. Hii ndiyo inayoitwa thamani ya sasa. Ukizijumlisha, miaka minne inakupa milioni 81, na zile 87 zinatimia katikati ya mwaka wa tano. Kwa hiyo mtaji "unarudi" kwa miaka mitatu kwa hesabu ya mkononi, na karibu minne na nusu kwa hesabu ya benki. Yaandike yote mawili. Mashine ikidumu miaka minane, thamani ya sasa ya mapato yake yote ni karibu milioni 126, na ukitoa 87 inabaki 39. Baki hiyo ndiyo vitabu vinaiita thamani halisi ya sasa, na ikiwa juu ya sifuri maana yake mradi umelipa riba na umebakiza.

Usipunguze tarakimu hizi kuwa mstari mmoja wenye uhakika wa uongo. Ukurasa mmoja uonyeshe itakuwaje kama kiwanda kikifanya saa 4,000 badala ya 6,000, maana umeme na kusimama vyote vinategemea saa. Kwa 4,000, umeme unapunguza milioni 8 tu, na sehemu nyingine zinashuka pia. Mwenye fedha anataka kujua ni wapi mradi unaanza kukataa, na ni heri asikie kutoka kwako.

Kuna swali litakalokuja ambalo halimo kwenye jedwali. Mkurugenzi atasema: mwaka jana mlitengeneza kichwa cha kompresa hiihii kwa milioni 18, leo mnasema itolewe? Wasiozoea hapa huanza kujitetea kuhusu milioni 18. Zile vitabu vinaziita gharama zilizozama, istilahi iliyofanyiwa kazi nzuri, kwa kuwa kilichozama hakipandi juu kwa kutupiwa kamba nyingine. Lakini kikaoni natumia maneno ya wazee: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa, kuganga ni kutibu. Methali hii inasema kwa ukamilifu kile ambacho mwalimu wa fedha hutumia kipindi kizima kukieleza: fedha iliyokwishatoka inabaki imetoka ukinunua, na inabaki imetoka usiponunua, kwa hiyo haina nafasi kwenye ulinganisho. Kinacholinganishwa ni yajayo ya njia hii na yajayo ya njia ile. Mkurugenzi wa Kiswahili anaielewa hoja hiyo papo hapo, kwa sababu amekua nayo.

Kitabuni pia kuna mtego wa namna hiyo, wenye sura mbili. Thamani ya sifuri haikupi ruhusa ya kununua, na thamani kubwa iliyobaki haikukatazi. Kama kompresa ya zamani bado ina milioni 10 kwenye rejista na soko linaitolea 6, tofauti ya 4 itaandikwa kama hasara mwaka huo, lakini ni wino. Kinachoingia kwenye mchanganuo wetu ni zile 6 ambazo mnunuzi ataleta mkononi. Sisi hatukuzihesabu hapo juu, ziwe akiba ya makosa yetu.

Njia nyingine zitajwe hata kama hazikuchaguliwa, na ya kwanza iwe ile ya kutofanya kitu. Kutofanya kitu hakuna maana ya kutotumia fedha. Ni milioni 72 na nusu za umeme, 16 za matengenezo na 9 za kusimama, kila mwaka, na zitapanda. Nyuma yake ziwekwe kuziba matundu peke yake, kununua mtumba, na kuchukua kompresa ndogo zaidi, kwa sababu baada ya kuziba matundu huenda kilowati 75 ni kubwa kuliko mahitaji. Hili la mwisho lichunguzwe kwa kumbukumbu za wiki nzima zinazoonyesha kilele cha matumizi. Wastani hauoni dakika zile ambazo mashine zote zinavuta pamoja.

Andiko likifika kikaoni, maneno yanakuwa ya katibu. Muhtasari wa vikao vyetu una vitenzi vyake, na mwandishi wa andiko anapaswa kuvisikiliza kuliko anavyosikiliza pongezi. "Kikao kilipokea" maana yake karatasi zimesomwa. "Kikao kilijadili" maana yake kulikuwa na maneno. "Kikao kilielekeza" maana yake umerudishiwa kazi. "Kikao kiliridhia" ndilo neno lenye fedha ndani yake, na hata hilo ni fedha pale tu linapofuatwa na kiasi na tarehe. Mwombe katibu aandike kuridhia nini: shilingi milioni 87, kwa ununuzi na ufungaji, kabla ankara kifani haijapita muda wake, ambao mara nyingi ni siku 30. Aya ya mwisho ya andiko lako iwe imeshaliandika azimio hilo kwa maneno ambayo katibu anaweza kuyanakili yalivyo.

Na chini ya azimio uweke mstari mmoja zaidi ambao maandiko mengi hayana: kwamba miezi 12 baada ya mashine kuwashwa, mtu aliyetajwa kwa cheo atapima tena kilowati kwa kifaa kilekile, ataandika tena zile mita mbili za saa, atarudia kipimo cha matundu siku ya kiwanda kusimama, na ataleta tarakimu hizo kwenye kikao hichohicho kando ya zile 12, 8 na 9.